Dinari Moja Ile Ile

Masomo: Mathayo 20:1-16, Wafilipi 4:10-20



Lugha yetu ina neno moja linalotufaa kulianzia fundisho hili, nalo ni kijicho. Wazee wetu walipotaka kulitaja lile chungu linalouma moyoni mtu aonapo mema ya mwenzake, hawakutafuta jina katika moyo wala katika tumbo. Walilitafuta machoni. Walijua ya kuwa ugonjwa huu huingia kwa kutazama. Asiyeona hamwonei mtu kijicho.

Sasa katika siku zetu macho yamepewa kazi kubwa kuliko zamani. Zamani mtu aliona nyumba za jirani zake, watu aliokutana nao sokoni, na waumini wenzake siku ya Jumapili. Leo mtu mwenye simu ya kupapasa huona, kabla hajatoka kitandani, harusi ya binamu aliye Mwanza, mahafali ya mtoto wa rafiki aliye Nairobi, gari jipya la mtu aliyesoma naye darasa la saba, na sebule ya mtu asiyemjua kabisa. Basi tujiulize pamoja, jicho linalotazama hayo yote linaufanyia nini moyo, na Neno la Mungu lasema nini juu yake.

Tuanze na mfano wa Bwana Yesu wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu. Msomaji wa Kiswahili anayo bahati hapa, kwa maana saa za mfano huu ni saa zetu wenyewe, hazihitaji kugeuzwa. Mwenye shamba alitoka alfajiri akawaajiri watu kwa kupatana nao dinari moja kwa siku, ujira wa kawaida wa kibarua wa siku zile. Akatoka tena saa tatu, saa sita, na saa tisa. Mwisho akatoka saa kumi na moja, jua likishuka, akawakuta wengine wamesimama bila kazi, nao akawapeleka shambani. Ilipofika jioni akamwagiza msimamizi awalipe watu, akianza na wale wa mwisho na kumalizia na wale wa kwanza.

Angalieni vizuri agizo hilo la mwisho. Kama wale wa alfajiri wangalilipwa kwanza, kila mmoja angaliweka dinari yake mkunjoni akaenda nyumbani akiimba. Chakula cha watoto kimepatikana, mapatano yametimizwa. Lakini walisimama kwenye mstari, wakaona. Waliona mtu wa saa moja tu akipewa dinari nzima. Zamu yao ilipofika wakapewa dinari ile ile waliyokubali asubuhi, nayo ikawa chungu mkononi. Hakuna aliyewapunguzia hata senti. Fedha ni ile ile, njaa ya nyumbani ni ile ile, na bei ya unga sokoni ni ile ile. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu: wameona mkono wa mwenzao. Ndiyo maana mwenye shamba hakumwuliza mnung'unikaji habari za fedha tu. Alimwuliza habari za jicho lake, kama limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema (Mt. 20:15).

Sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya ubao tumeliona jambo hili mara nyingi wakati wa kurudisha madaftari. Mtoto aliyepata 70 hufurahi. Kisha huchungulia daftari la jirani yake, akaona 75, uso ukaanguka. Tena hachungulii daftari la mtoto wa kwanza wa darasa, aliyezoea kupata 95. Huchungulia la yule wanayekaa naye dawati moja. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika juu ya tabia hii ya wanadamu, kwamba mtu hujipima na wale anaowaona kuwa wanafanana naye, si na walio mbali naye sana. Lakini Amri ya Kumi ilikwisha kulijua jambo hilo. Isomeni katika Kutoka 20:17. Inataja nyumba, mke, mtumwa, mjakazi, ng'ombe na punda, na katika mstari huo mmoja neno jirani limetajwa mara tatu. Haikutaja majumba ya Farao. Mwisraeli wa kawaida hakukosa usingizi kwa ajili ya Farao. Alikosa usingizi kwa ajili ya punda wa mtu wa hema ya pili.

Sasa simu imewafanya watu wengi sana kuwa jirani zetu wa hema ya pili. Tufanye hesabu ndogo. Mchukueni mama mmoja wa parishi yo yote, ambaye katika WhatsApp huona stetasi za watu 120: ndugu, wanakwaya, wazazi wa shuleni, na watu aliosoma nao. Tuseme kila mmoja wa hao hupata furaha moja kubwa kwa mwaka mzima, kama vile harusi, mahafali, mtoto, kuezeka nyumba, au safari. Moja tu, wala si zaidi. Basi mama huyu ataona furaha kubwa 120 kwa mwaka, yaani zaidi ya mbili kila juma. Yeye mwenyewe, kama wenzake, hupata moja. Kwa hiyo majuma yote ya mwaka atakuwa akitazama sherehe za watu, na katika majuma 51 sherehe hiyo si yake. Ataona kama kwamba watu wote wamo katika karamu isiyokwisha, naye peke yake ndiye aliyebaki jikoni na masufuria. Wala hakuna aliyemdanganya. Kila picha ni ya kweli. Uongo umezaliwa katika kujumlisha, kwa maana amechukua furaha za watu 120 akazilinganisha na maisha ya mtu mmoja.

Na katika hesabu hiyo kuna upande usioandikwa. Misiba huwekwa, na watu hutoa pole. Lakini deni haliwekwi. Mkopo wa kikoba uliolipia mapambo ya ukumbi hauonekani nyuma ya maharusi. Suti ya kukodi haina alama. Ugomvi wa usiku uliopita hauna picha. Basi mama wetu hulinganisha nyumba yake, ambayo anaijua mpaka uvunguni, na nyumba ya mwenzake ambayo ameonyeshwa mlango wa mbele tu.

Kuna jambo jingine, nalo ni kuhesabiana. Tangu mwaka 2009 Facebook iliweka kitufe cha kupenda, na mitandao mingine ikafanya vivyo hivyo, hata kila picha ikawa na namba chini yake, kama alama za mtihani. Tunayo habari ya mfalme aliyeangushwa na namba. Wanawake walitoka mijini kumlaki Sauli kwa ngoma, wakamsifu kwa maelfu aliyoyapiga, na Daudi kwa makumi elfu (1 Sam. 18:6-9). Sauli alikuwa amesifiwa, tena mbele ya watu wote. Lakini hakusikia sifa yake. Alisikia tofauti ya hesabu, na tangu siku ile akamtazama Daudi kwa jicho baya. Kijana aliyeuokoa ufalme wake akawa adui yake. Namba haikumpunguzia Sauli askari hata mmoja wala haikumwondolea taji. Ilimwondolea rafiki.

Labda mtu atasema, basi tuzitupe simu mtoni. Hatusemi hivyo. Simu imeleta habari za wagonjwa, imechangisha ada za yatima, imewaunganisha ndugu waliopotezana. Wala si kila mtu anayetazama picha za wenzake huugua. Wataalamu waliochunguza jambo hili hawakuona madhara yale yale kwa watu wote. Lakini uchunguzi mmoja una fundisho kwetu. Mwaka 2015 Philippe Verduyn na wenzake walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi. Wengine waliambiwa watumie Facebook kwa dakika 10 wakiandikiana na kujibizana na watu. Wengine waliambiwa watazame tu, wasiseme neno. Jioni ilipofika, wale watazamaji wa kimya ndio waliojisikia vibaya zaidi. Tena walipowafuatilia watu siku kwa siku, waliona kwamba kutazama kimya huleta kijicho, na kijicho ndicho kinachoishusha furaha. Basi hatari kubwa haimo katika kuwa na simu, imo katika kutazama bila kusema. Mtu akikaa dirishani kila siku akichungulia uwanja wa jirani, asibishe hodi hata siku moja, ataanza kumchukia jirani huyo.

Hapo ndipo Mtume Paulo anapotusaidia. Katika Warumi 12:15 ametuagiza tufurahi pamoja na wanaofurahi na kulia pamoja na wanaolia. Kulia na waliao twakuweza. Misibani watu wetu hujaa. Kufurahi na wafurahio ndiko kugumu, maana kunataka mtu aisahau dinari yake kwa kitambo. Na mjue ya kwamba kuonyesha furaha yako si dhambi. Yule mwanamke wa Luka 15 alipoipata shilingi yake iliyopotea aliwaita rafiki na jirani zake waje wafurahi pamoja naye. Lakini aliwaita waje. Kila mwenye kuweka picha na ajiulize kabla hajaiweka: je, ninawaita watu waje wafurahi nami, au ninawaita waje wanione nilivyowazidi? Picha yaweza kuwa moja, na nia zikawa mbili.

Sasa tumrudie yule mama wetu, tuone jinsi kijicho kinavyofanya kazi yake hatua kwa hatua. Siku hiyo asubuhi amelipa ada ya muhula wa pili kwa fedha za kuku, akamshukuru Mungu. Jioni amefungua simu, akatazama stetasi za watu 20 kimya kimya. Katika hizo ipo ya jirani yake, Mama Fulani, aliyemfanyia mtoto wake sherehe ya kipaimara: hema, viti vilivyovikwa vitambaa, keki ya ghorofa tatu, mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Mama wetu hajaandika neno la pongezi. Ameweka simu chini, na mumewe alipouliza chakula akajibiwa kwa ukali. Mtoto wake mwenyewe atapata kipaimara mwezi wa nane. Usiku huo ameanza kuhesabu: hema kiasi gani, keki kiasi gani. Juma la pili amekwenda kwenye kikoba kuomba mkopo. Mikono ya Askofu itawekwa juu ya kichwa cha mtoto kwa dakika chache, bure, lakini nyumba italipa hema kwa miezi kumi, na ada ya muhula wa tatu itakosekana. Na Mama Fulani, ambaye kwenye simu yake huona orodha ya waliotazama, ameliona jina la jirani yake pale bila neno lo lote, naye akaweka moyoni. Jumapili wamepeana mikono ya amani kwa ncha za vidole. Hivi ndivyo parishi zinavyopasuka, si kwa mafundisho ya uongo tu, bali kwa picha.

Mtu atajuaje kwamba ugonjwa umemwingia? Zipo dalili tatu. Ya kwanza ni ile ya dinari: kabla ya kushika simu uliridhika, baada ya kuiweka chini hukuridhika, na katikati hapo hakuna kitu chako kilichopotea. Ya pili ni kimya: umeona jema la mtu unayemjua, na vidole vikawa vizito kuandika hongera. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: umesikia kwamba aliyekuwa na gari limeharibika, au ndoa ile ya keki ndefu inayumba, na moyo wako ukajisikia mwepesi. Ukifika hapo, ndugu, usingoje Kwaresma. Nenda ukaungame mbele za Mungu.

Dawa yake ni ipi? Paulo aliwaandikia Wafilipi ya kuwa amejifunza kuridhika katika hali yo yote aliyo nayo (Flp. 4:11). Sisi walimu twalipenda neno hilo, amejifunza. Hakusema alizaliwa nalo, wala hakusema lilimshukia siku moja njiani kama ile nuru ya Dameski. Somo ni la kufundishwa, na lina mazoezi. Tena aliyaandika hayo akiwa katika vifungo, na katika mstari unaofuata akasema amejua kupungukiwa na amejua kuwa na tele pia. Maana mwenye tele naye ana simu, naye yupo anayemzidi.

Na zoezi la Paulo lilikuwa nini? Litazameni katika barua yenyewe. Sura hiyo ni shukrani kwa zawadi. Amemtaja aliyeileta, Epafrodito, ambaye katika sura ya pili alikwisha kusimulia jinsi alivyougua karibu kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Amekumbuka kwamba alipotoka Makedonia Wafilipi ndio peke yao walioshirikiana naye, na kwamba huko Thesalonike walimletea msaada si mara moja tu. Huyu ni mtu anayehesabu. Lakini hahesabu walivyopewa mitume wengine. Anahesabu alivyopewa yeye, na nani, na wapi, na mara ngapi. Shukrani ya kweli ina majina ya watu ndani yake. Anayesema tu kwamba anamshukuru Mungu kwa yote, mara nyingi hajakumbuka hata moja.

Twaweza kulifanya zoezi hilo bila gharama. Jumamosi jioni, kabla ya Ibada ya Jumapili, chukua daftari uandike mambo matano ya juma hilo uliyopewa, na mbele ya kila moja jina la mtu ambaye Mungu alimtumia. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walieleza jinsi walivyowataka watu waandike mambo ya kushukuru, yasizidi matano, mara moja kila juma kwa majuma kumi, na wengine waandike kero zao. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi. Hapa napo dinari ilikuwa ile ile. Jicho ndilo lililogeuzwa.

Zoezi la pili ni kuvunja kimya. Ukiona jema la mtu unayemjua, usipite. Mwandikie, au afadhali mpigie simu, umwite kwa jina la mwanawe umpe hongera. Mara ya kwanza itakuwa kavu kama dawa ya kwinini. Fanya hivyo hivyo. Kijicho hakistahimili hongera iliyosemwa kwa sauti. Na kama picha za mtu fulani zinakuumiza kila siku, WhatsApp inakuruhusu kuzinyamazisha asijue, na Instagram tangu mwaka 2021 inakuruhusu kuzificha zile namba. Bwana alisema habari za jicho linalokukosesha. Kunyamazisha ni kazi nyepesi kuliko kung'oa.

Neno la mwisho lisiachwe, lisije fundisho hili likatumiwa vibaya. Kuridhika si kunyamazia dhuluma. Wale wa alfajiri walilipwa dinari yao yote, ndiyo maana manung'uniko yao yalikuwa kijicho. Lakini Yakobo 5:4 anasema habari za vibarua walionyimwa ujira wao, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo mtumishi asiyelipwa mshahara wake akidai, asiambiwe na tajiri kwamba aridhike. Jiulize swali moja: je, ningalikuwa na haki ya kulalamika hata kama nisingaliona cha mwenzangu? Kama jibu ni ndiyo, dai haki yako mchana kweupe. Kama jibu ni hapana, basi dinari yako iko mkononi, nzima. Ifunike, nenda nayo nyumbani, watoto wanangoja.

Mungu mwenye shamba, aliyemlipa wa saa kumi na moja kama wa alfajiri, na atuponye macho. Wengi wetu, tukijihesabu kwa kweli, si wa alfajiri hata kidogo.

Amina.